Ujumbe wa Kwanza wa Ajali Kazini: Andika Kilichoonekana, Sababu Isubiri Uchunguzi

Mfanyakazi anapoumia kiwandani, maandishi ya kwanza kuhusu ajali hiyo huwa ni ujumbe mfupi wa simu kutoka kwa msimamizi wa zamu kwenda kwa meneja au ofisa wa usalama. Huandikwa kwa haraka, mara nyingi majeruhi akiwa bado njiani kwenda hospitali. Tuchukue mfano wa kiwanda cha sabuni nchini Kenya, ambako myeyusho wa kostiki soda umemrukia mfanyakazi jichoni. Msimamizi anaandika: “Fundi wa mchanganyiko amejimwagia kostiki kwa sababu hakuvaa miwani. Tumemwosha, amepelekwa hospitali, yuko sawa.” Sentensi hizi zinaonekana kutosheleza, lakini hazina saa, hazina shahidi, na zimebeba hukumu tatu ambazo mwandishi hakuwa na njia ya kuzithibitisha. “Amejimwagia” inamtwika majeruhi kosa. “Kwa sababu hakuvaa miwani” inafunga uchunguzi kabla haujaanza. “Yuko sawa” ni kauli ya daktari iliyotolewa na mtu asiye daktari.

Hoja yangu ni kwamba ujumbe wa kwanza una kazi mbili tu: kumsaidia anayemtibu majeruhi, na kuhifadhi yale ambayo baada ya saa chache hayatapatikana tena. Kutaja mwenye kosa hakusaidii kazi yoyote kati ya hizo, na mara nyingi huziharibu zote mbili. Ajali hiyo hiyo ingeweza kuandikwa hivi:

“Taarifa ya ajali. Jumanne 10 Juni 2025, saa 4:20 asubuhi (10:20). Chumba cha kuchanganyia, tangi namba 2. Fundi wa mchanganyiko alikuwa akimimina myeyusho wa kostiki soda kutoka kwenye ndoo. Myeyusho ulimrukia jicho la kulia na shavu. Shahidi wa kwanza, mwenzake wa zamu, aliona myeyusho ukiruka. Shahidi wa pili, wa upakiaji, hakuona; alisikia kelele akaja. Nilifika saa 4:22. Miwani ya kinga ilikuwa juu ya meza karibu na mlango. Majeruhi alisema: ‘Ndoo imeniponyoka.’ Jicho limeoshwa kwa maji ya bomba kuanzia saa 4:22 hadi 4:45 bila kukatiza. Hakuwekewa dawa yoyote. Ameondoka saa 4:47 kwenda hospitali na mhudumu wa huduma ya kwanza, wakiwa na karatasi ya maelezo ya kemikali. Kazi kwenye tangi imesimamishwa, ndoo haijaguswa. Sababu haijachunguzwa.”

Katika taarifa halisi majina kamili ya majeruhi na mashahidi huandikwa. Saa nayo imetajwa kwa namna mbili makusudi. Kwetu saa nne asubuhi ni saa kumi kwa hesabu ya kompyuta na ya fomu nyingi za hospitali, na anayeingiza taarifa kwenye mfumo anaweza kuandika 04:20, yaani alfajiri. Kosa hilo dogo likiingia, ajali itaonekana kutokea katika zamu ya usiku, mbele ya watu ambao hawakuwepo.

Sehemu ya huduma ya kwanza ndiyo inayohitaji usahihi mkubwa zaidi. Kostiki soda ni alkali kali. Asidi nyingi hugandisha protini za uso wa jicho, na utando huo ulioganda hupunguza kasi ya asidi kupenya. Alkali huyeyusha mafuta ya seli na kuendelea kuzama ndani, hata pale maumivu yanapoonekana kutulia. Kwa hiyo daktari atataka kujua kemikali ilikuwa ipi, maji yalianza kumwagwa baada ya dakika ngapi, na yalimwagwa kwa muda gani. Kisha atapima hali ya alkali jichoni kwa karatasi maalumu na kuendelea kuosha hadi irudi kawaida. Neno “tumemwosha” halimwambii kama jicho lilirushiwa maji viganja viwili au lilioshwa dakika ishirini na zaidi. Kutaja kwamba hakuwekewa dawa ni muhimu vilevile, kwa kuwa wapo wanaodhani siki au limau huua makali ya kostiki, na kitu kama hicho kikiingia jichoni huongeza madhara.

Wengi watapinga kwamba kutotaja uzembe ni kuficha ukweli, hasa kama miwani haikuvaliwa. Lakini taarifa haikuficha miwani. Imesema ilikuwa wapi na ilionekana saa ngapi. Isichosema ni ilifikaje mezani, kwa kuwa mwandishi hakuona. Kostiki soda inapoyeyuka majini hutoa joto jingi, na mvuke unaweza kufunika vioo vya miwani hadi mtu asione anachomimina. Huenda fundi aliivua kwa sababu hiyo. Huenda hakuivaa tangu asubuhi. Huenda alikuwa ameivaa, myeyusho ukapenya pembeni, akaivua ili aoshwe. Kila jibu lina tiba yake: miwani ya aina nyingine, usimamizi ulio makini zaidi, au pampu badala ya ndoo. Ukiandika “hakuvaa miwani”, hakuna atakayeukagua mpini wa ndoo.

Pingamizi la pili ni la meneja: lazima ajue sababu mara moja ili ajali isijirudie mchana huo huo. Haja yake ni ya kweli, lakini hatari huzuiwa kwa kusimamisha kazi na kulizuia eneo, na hatua zote mbili zinawezekana kabla sababu haijajulikana. Wengine husema kumbukumbu hufifia, hivyo maoni yachukuliwe yakiwa mabichi. Yachukuliwe, ila yabaki maneno ya aliyeyasema. “Ndoo imeniponyoka” imewekwa ndani ya alama za kunukuu kwa sababu ni kauli ya majeruhi, bado si ukweli uliothibitishwa. Kwa sababu hiyo hiyo mashahidi wametenganishwa, aliyeona na aliyesikia, ili wa pili asije kuhesabiwa kama aliyethibitisha kauli ya wa kwanza.

Sheria nayo haimwombi mwajiri atafute mkosaji siku hiyo hiyo. Chini ya Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya Kenya ya mwaka 2007, mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri ili alipwe. Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kumnyima fidia, lakini si pale ajali ilipomwachia ulemavu mkubwa au kumuua. Mwajiri ana siku saba baada ya kupokea taarifa ya ajali kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Siku hizo zinatosha kuhoji watu na kukagua vifaa. Neno la lawama lililotumwa dakika ya kumi linaweza kutolewa kama ushahidi dhidi ya mtu ambaye hakuwahi kusikilizwa.

Basi wewe msimamizi wa zamu, kabla ya kutuma ujumbe, pitia kila sentensi na ujiulize: hili nimeliona, nimeambiwa na nani, au nimelidhania? Ulichokiona kiandike pamoja na saa yake. Ulichoambiwa kiandike na jina la aliyekuambia. Ulichodhania kifute, kisha umtumie ujumbe ofisa wa usalama peke yake, si kundi zima la wafanyakazi.