Makabidhiano ya faili la ripoti ya mikopo

Katika SACCOS nyingi ndogo, ripoti ya mikopo inayofika mezani kwa Bodi kila mwezi hutoka kwenye faili moja la Excel, na mara nyingi aliyelitengeneza ameshahama. Mhasibu anayelipokea huona shiti zimejaa tarakimu asijue ipi imejazwa kwa mkono na ipi inajikokotoa. Maelezo ya makabidhiano huandikwa kwa ajili yake.

Kwanza yataje ripoti yenyewe: nani anaisoma, inatakiwa lini, na ina maswali gani ya kujibu. Katika mfano huu Bodi hutaka kujua mambo mawili, yaani bakaa ya mikopo yote na kiasi kilicho kwenye mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Kila kilichomo kwenye faili kipo kwa ajili ya majibu hayo.

Kisha yaje maelezo ya shiti. Ya kwanza, VIWANGO, ina tarehe ya mwisho wa mwezi, nayo hujazwa kwa mkono. Wengine huweka `=TODAY()` hapo, na matokeo yake ripoti ya Machi ikifunguliwa Mei huonyesha ucheleweshaji wa Mei. Shiti ya MAREJESHO hubandikwa orodha ya makato ya mishahara kutoka kwa mwajiri. Shiti ya MIKOPO ina mstari mmoja kwa kila mwanachama mwenye mkopo: bakaa ya mwanzo, mkopo mpya, rejesho na bakaa ya mwisho. RIPOTI haijazwi chochote, husoma tu. Rejesho la kila mwanachama huletwa na fomula hii, ambapo safu ya A ina namba za wanachama na ya D ina kiasi kilichokatwa:

```
=SUMIFS(MAREJESHO!D:D,MAREJESHO!A:A,A2)
```

Kazi ya mwezi huanza kwa kuhifadhi faili la mwezi uliopita kwa jina jipya, ili la zamani lisiguswe. Hapo ndipo mpangilio wa hatua unapokuwa na uzito. Bakaa za mwisho hunakiliwa na kubandikwa kama thamani kwenye safu ya bakaa ya mwanzo, mara moja tu, na baada ya hapo ndipo marejesho na mikopo mipya ya zamani hufutwa. Mtu akifuta kwanza, bakaa ya mwisho hurudi kuwa sawa na ya mwanzo, na marejesho ya mwezi mzima huyeyuka. Akinakili mara mbili kabla ya kufuta, marejesho yaleyale hukatwa tena. Kosa lolote kati ya hayo hujulikana kwa kulinganisha jumla ya bakaa ya mwanzo na bakaa ya mwisho iliyo kwenye ripoti iliyosainiwa mwezi uliopita. Lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho.

Baada ya hapo tarehe hubadilishwa, mikopo mipya huingizwa na orodha ya mwajiri hubandikwa. Sehemu hii ndiyo inayostahili maelezo marefu kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani. Tuseme benki imepokea Sh 27,450,000 kutoka kwa mwajiri. Jumla ya MAREJESHO inasoma 26,850,000, na jumla ya safu ya rejesho kwenye MIKOPO vilevile 26,850,000. Ndani ya faili kila kitu kinakubaliana, lakini Sh 600,000 hazipo. Sababu ni kwamba wanachama wanne, kila mmoja Sh 150,000, kiasi chao kimeingia kama maandishi badala ya namba, na Excel huyaruka maandishi inapojumlisha bila kutoa onyo lolote kwenye jumla. Wanne hao wataonekana hawajalipa, nao wameshakatwa mshahara. Seli za namna hiyo hutambuliwa hivi:

```
=COUNTA(MAREJESHO!D2:D1000)-COUNT(MAREJESHO!D2:D1000)
```

Jibu likiwa 4 badala ya 0, seli nne si namba. Kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa safu, na huenda zikawa na pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona. Hata hivyo, kipimo cha kutegemewa ni taarifa ya benki, kwa kuwa haitoki ndani ya faili. Maelezo yaseme wazi taarifa hiyo hupatikana kwa nani na tarehe ngapi.

Mwisho hutajwa kila seli ambayo fomula yake iliwahi kufutwa ikaandikwa namba kwa mkono, pamoja na sababu yake, kwa mfano mkopo uliopangiwa ratiba mpya kwa uamuzi wa kamati. Kubonyeza Ctrl na ` huonyesha fomula zote kwa pamoja, hivyo namba iliyojipenyeza katikati yake huonekana. Anayepokea apewe pia orodha ya mwajiri ya mwezi uliopita na faili la mwezi uliotangulia huo, aendeshe kazi yote mwenyewe, na tarakimu atakazopata zilinganishwe na ripoti iliyosainiwa kabla anayeondoka hajakabidhi funguo.