Usimwage Maji ya Jibini

Chukua lita 10 za maziwa ya ng'ombe, uyagandishe kwa reneti kutengeneza jibini. Utapata jibini la kilo moja hivi au zaidi kidogo, na ndoo itabaki na lita nane na ushei za maji ya rangi ya njano inayoelekea kijani. Wengi huyamwaga uani. Humo ndani, hata hivyo, kuna karibu sukari yote ya maziwa, kuna madini, na kuna protini laini ambayo reneti haina uwezo wa kuigandisha. Ile rangi ya kijani yenyewe ni vitamini B2.

Kabla hujaamua kuyafanyia nini, jiulize maziwa yako yaliganda kwa njia gani. Yaliyogandishwa kwa reneti hutoa maji matamu kidogo, yasiyo na ukali. Yaliyogandishwa kwa ndimu au siki, na yale yanayotiririka mtindi unapochujwa kwenye kitambaa, huwa machachu. Anayechanganya hayo mawili kwenye ndoo moja huona rikota haitoki, au maandazi yameumuka vibaya, asijue kosa limeanzia wapi.

Tuanze na yale matamu, kwa kuwa hayo hayasubiri. Vijidudu vilivyotiwa kwenye maziwa ili kutengeneza jibini bado viko hai ndani ya ndoo, na vinaendelea kuigeuza sukari kuwa asidi. Kwa hiyo rikota hupikwa ndani ya saa mbili au tatu tangu jibini lilipochujwa. Teka maji yote uyatie kwenye sufuria nzito, uweke motoni, na ukoroge polepole ukigusa chini ili yasishike. Yakikaribia nyuzijoto 85, utaona uso unaanza kuwa na ukungu mweupe. Hapo acha kukoroga. Moto ukifika 90, kabla hayajatokota, nyunyiza vijiko vitatu au vinne vya siki iliyochanganywa na maji kidogo, au maji ya ndimu. Chembe nyeupe zitaanza kukusanyika, zitashikana na kupanda juu kama mawingu, na maji ya chini yatakuwa maangavu. Epua, funika kwa robo saa, kisha teka kwa upole kwa kijiko chenye matundu na uweke kwenye kitambaa kichuje. Kwa lita nane utapata robo kilo hivi, na ukiongeza lita moja ya maziwa mabichi mwanzoni utapata zaidi. Inafaa kwa mkate na asali, au kujaziwa kwenye sambusa pamoja na mchicha.

Ikiwa maji yalikuwa yameshachachuka, chembe zitatoka ndogo kama vumbi na zitapita kwenye kitambaa. Na jibini lililotengenezwa kwa kuchemsha maziwa na kuyakata kwa ndimu haliachi rikota kabisa, maana joto lile limeshaikamata protini laini pamoja na ile nyingine. Usipoteze kuni.

Maji machachu ya mtindi mahali pake ni kwenye unga. Lita moja ya mtindi ukiichuja usiku kucha itakupa maji karibu nusu lita, na hayo yanatosha mkate mmoja na chapati za familia. Kwa mkate, pima nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chai cha chumvi, hamira kavu gramu 7, na mililita 300 hadi 320 za maji hayo yakiwa vuguvugu. Sukari si lazima. Hamira haina uwezo wa kula sukari ya maziwa, hivyo inabaki kwenye donge mpaka ndani ya tanuri, na huko ndiko inakofanya ganda kuwa jekundu la kupendeza. Inaweza pia kuliunguza ganda kabla ndani hakujaiva, kwa hiyo punguza moto kidogo kuliko ulivyozoea. Ukitumia maji matamu ya reneti kwa mkate, yachemshe kwanza yapoe. Bila hivyo, protini yake huweza kuulegeza unga na mkate ukatoka mzito.

Kwa maandazi au keki isiyo na hamira, ule uchachu ni faida. Kikombe kimoja cha maji ya mtindi kinahitaji nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Asidi na soda hukutana, zikatoa hewa, unga ukaumuka papo hapo. Kaanga mara moja, kwani ukiacha rojo likae nusu saa hewa yote itakuwa imetoka. Ukizidisha soda utaitambua kwa ladha ya sabuni na rangi iliyokoza mno. Ukitumia maji matamu ya reneti hapa, soda haitapata asidi ya kutosha, na maandazi yatabaki bapa.

Kinywaji kinapendeza zaidi kikitengenezwa siku hiyohiyo. Uswisi kuna soda iitwayo Rivella, inayouzwa tangu 1952, ambayo msingi wake ni maji haya. Jikoni kwetu pasheni na tangawizi huendana nayo vizuri sana. Kwa kikombe cha maji, weka nyama ya pasheni mbili, kipande cha tangawizi iliyopondwa na sukari kidogo, chuja, na uweke mahali pa baridi. Nanasi bichi na papai bichi usitie, kwani hukata protini na kuacha uchungu. Ikiwa maziwa yenyewe hayakuchemshwa, pasha maji hadi nyuzijoto 72 kwa dakika moja, yapoe haraka. Na mwenye tumbo linalosumbuliwa na maziwa asidhani amepata nafuu, kwa sababu sukari inayomsumbua ndiyo iliyobaki humu.

Sasa kilichobaki, hata yale maji maangavu ya chini ya rikota, bado yana sukari, na hiyo inamfaa nguruwe. Karibu na Parma, Italia, nguruwe wa hamu ya eneo hilo wamekuwa wakilishwa maji ya jibini kwa muda mrefu. Kwa nguvu anayopata mnyama, lita 13 hivi ni sawa na kilo moja ya nafaka, kwa hiyo yasihesabiwe kama chakula kamili bali yachanganywe na pumba na mashudu. Anza na nusu lita kwa siku, uongeze taratibu kwa wiki mbili, na maji safi ya kunywa yawepo daima. Kinyesi kikilegea au tumbo likivimba, rudi nyuma. Ng'ombe anaweza kupewa kidogo juu ya majani, akizidishiwa tumbo huchachuka. Kuku hana uwezo wa kuimeng'enya sukari ya maziwa. Mpe ya kulowesha chakula tu, na ukiona kinyesi cha majimaji, acha.

Maji yaliyotoka baada ya jibini kutiwa chumvi usiyatie kwenye hori, yanaweza kumdhuru nguruwe vibaya. Usiyahifadhi machachu kwenye ndoo ya mabati, maana asidi hula zinki na mnyama akainywa. Tumia ya plastiki. Na kama maziwa yalikuwa mabichi, yachemshe kwanza, kwa sababu kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba hupita kwa njia hiyo kutoka zizi moja hadi jingine. Yakikosa mlaji, yapunguze kwa maji mara kumi na uyamwage kwenye shamba tupu, mbali na mto: vijidudu vinavyokula sukari hiyo hutumia hewa iliyo ndani ya maji, na samaki hufa.