Wasifu wa tabibu: eleza mikono yako imefanya nini

Hospitali ya wilaya inapotangaza nafasi ya tabibu, barua nyingi zinazomfikia mganga mfawidhi hazitofautiani sana. Waombaji wote wana stashahada ya utabibu ya miaka 3, wamesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na karibu kila mmoja ameandika hivi: "Nina uzoefu wa kuhudumia wagonjwa wa nje, wagonjwa wa wodini na upasuaji mdogo." Mpanga zamu hawezi kuifanyia kazi sentensi hiyo. Anachotaka kujua ni hiki: saa nane za usiku, daktari yuko chumba cha upasuaji, majeruhi wa bodaboda ameletwa anavuja damu. Je, tabibu huyu ataweza kufanya nini akiwa peke yake?

Wasifu mzuri hujibu swali hilo kwa kutaja kazi yenyewe, ilifanywa mara ngapi, katika kipindi gani, na mwombaji alijitegemea kwa kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi, ingawa ndilo lenye uzito kuliko yote. Kusaidia, kufanya chini ya usimamizi na kufanya peke yako ni mambo matatu tofauti, na neno "nilifanya" huyafunika yote.

Tuchukue mfano wa tabibu aliyefanya kazi miaka 2 katika kituo cha afya. Badala ya kuandika "upasuaji mdogo", sehemu yake ya ujuzi wa vitendo inaweza kusomeka hivi:

Kituo cha afya, Januari 2023 hadi Desemba 2024
– Kushona majeraha kwa ganzi ya sindano: 138, peke yangu
– Kupasua majipu na kutoa usaha: 41, peke yangu
– Kusaidia daktari katika upasuaji wa kumtoa mtoto: 12, msaidizi

Mafunzo kwa vitendo hospitalini, 2022
– Kutoa maji ya uti wa mgongo: 6, chini ya usimamizi wa daktari

Mistari hii inaonyesha pia kwamba mwombaji anaijua mipaka ya kada yake. Kumtoa mtoto kwa upasuaji si kazi ya tabibu wa stashahada, kwa hiyo ameandika wazi kuwa alikuwa msaidizi. Angeandika "upasuaji wa uzazi: 12" bila maelezo, msomaji angejiuliza kama mwombaji alivuka mipaka yake au anadanganya, na majibu yote mawili yangemwangusha.

Kila mstari unafungua mlango wa maswali kwenye usaili. Aliyeandika kwamba ameshona majeraha 138 anaweza kuulizwa: mgonjwa ana kilo 50, una lignokeini ya asilimia 1 isiyo na adrenalini, utaishia mililita ngapi? Aliyezoea kazi hiyo anahesabu papo hapo. Kwa kikomo cha miligramu 3 kwa kila kilo, mgonjwa huyu asizidishiwe miligramu 150. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, basi mwisho ni mililita 15. Ataongeza kwamba kabla ya kusukuma dawa huvuta bomba kidogo kuhakikisha sindano haiko ndani ya mshipa wa damu. Aliyenakili orodha ya mwenzake hukwama hapo.

Takwimu zitoke kwenye daftari lako la kazi, lililosainiwa na msimamizi, wala zisikisiwe siku ya kuandika barua. Orodha yenye 100, 100, 50 na 50 humtia shaka msomaji, kwa sababu wagonjwa hawaji kwa mafungu yaliyo sawa. Kama hukuweka daftari, andika "takriban" na utaje wastani wa kwa mwezi unaoweza kuutetea. Katika daftari hilo na katika wasifu, usiweke jina la mgonjwa wala namba ya jalada lake.

Kurasa 2 zinatosha. Juu kabisa weka jina, mawasiliano, namba ya usajili na tarehe ya mwisho ya leseni, kisha ujuzi wa vitendo, halafu kazi ulizofanya, elimu na mafunzo ya ziada yenye mwaka wake. Miongoni mwa wadhamini, awepo angalau mmoja aliyesimama karibu nawe ukifanya kazi hizo, maana yeye ndiye atakayepigiwa simu kuulizwa kama zile 41 ni kweli.

Wengi huona haya kuandika namba ndogo. Lakini "6, chini ya usimamizi" inamwambia mganga mfawidhi kwamba mtu huyu asiachwe peke yake na mtoto anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, na kwamba akipangwa zamu na daktari mzoefu atajifunza haraka. Namba iliyoongezwa chumvi humpanga zamu asiyoiweza, na atakayeumia ni mgonjwa.