Saa moja ya bei sifuri

Ijumaa ya tarehe 12 Desemba 2014, kuanzia saa 1 hadi saa 2 usiku kwa saa za Uingereza, maelfu ya bidhaa kwenye soko la Amazon nchini humo ziliuzwa kwa peni moja. Wenye bidhaa hizo walikuwa wafanyabiashara wadogo waliotumia programu ya RepricerExpress, ambayo kazi yake ni kupandisha na kushusha bei yenyewe kufuatana na ushindani. Kwa saa hiyo moja programu ilishusha tu. Amazon ilifuta oda nyingi, lakini nyingine zilikuwa zimeshatoka ghalani.

Mkasa wa aina hii ukishazimwa, kampuni yenye utaratibu huandika ripoti ya tathmini ya tukio. Ripoti hiyo si barua ya kujieleza kwa bosi wala hati ya mashtaka. Huandikwa siku chache baadaye, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, ili kujibu maswali mawili: kosa lilipitaje, na kwa nini lilidumu muda wote huo. Ili kuona inavyofanya kazi, tuchukue duka la kubuni linalouza vyombo vya nyumbani mtandaoni, ambalo usiku mmoja liliuza bidhaa kwa shilingi sifuri.

Ripoti huanza na mfuatano wa matukio, dakika kwa dakika, kama ulivyonakiliwa kwenye kumbukumbu za mfumo. Saa 2:00 usiku, faili la bei mpya linapakiwa. Saa 2:04, oda ya kwanza ya shilingi sifuri inaingia. Saa 2:20, habari imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp na oda zinamiminika. Saa 2:38, mteja anapiga simu kuuliza kama ni kweli sufuria ni za bure. Mhudumu anadhani ni ofa ambayo hakuambiwa. Saa 2:51, mfungaji mizigo ghalani anaona karatasi ya tatu mfululizo yenye jumla ya sifuri, anampigia msimamizi. Saa 2:58, mhandisi wa zamu anapata taarifa. Saa 3:00, bei za zamani zinarudishwa.

Mwandishi asiye makini angeishia hapo. Lakini kumbukumbu zinaonyesha kwamba oda ya mwisho ya bure iliingia saa 3:04, kwa sababu kikapu cha mteja kilikuwa kimehifadhi bei iliyokuwapo alipoweka bidhaa. Mwisho wa tukio, basi, si pale bei iliporekebishwa bali pale mteja wa mwisho alipoacha kununua kwa bei mbovu. Dakika hizo nne zinafichua hitilafu ya pili: kikapu hakikagui bei upya wakati wa kulipa.

Baada ya mfuatano huja chanzo. Msimbo unaosoma faili la bei ulikuwa na mstari huu:

```
bei = float(safu["bei"] or 0)
```

Maana yake ni kwamba kisanduku cha bei kikiwa kitupu, weka sifuri. Mstari huo uliwekwa miezi kadhaa nyuma na mhandisi aliyekuwa na nia njema, kwa sababu kabla ya hapo kisanduku kimoja kitupu kilisimamisha upakiaji wote. Usiku ule, ofisa wa bei aliandaa faili jipya akaacha wazi visanduku vya bidhaa ambazo bei yake haikubadilika. Kwake, utupu ulimaanisha “iache kama ilivyo”. Kwa programu, utupu ulimaanisha bure. Kila mmoja alifanya jambo lenye mantiki upande wake, na hapakuwa na maandishi popote yaliyosema kisanduku kitupu kina maana gani.

Ndiyo maana ripoti nzuri haiandiki kwamba chanzo ni uzembe wa ofisa wa bei. Ukimfukuza, mstari ule bado upo, na ofisa ajaye atajifunza jambo moja tu: kuficha makosa. Mei 2010, duka la 6pm.com, lililo chini ya Zappos ya Marekani, liliuza bidhaa zake kwa bei isiyozidi dola 49.95 kuanzia usiku wa manane hadi saa 12 asubuhi, hata zile za bei kubwa mno. Hasara ilizidi dola milioni 1.6. Kiongozi wa kampuni, Tony Hsieh, alieleza hadharani kwamba alama chache zilisahaulika katika kanuni mpya ya bei, na kwamba mfumo wa kuingiza kanuni hizo ulidai ujuzi unaokaribia wa mwandika programu. Hakuna aliyefukuzwa, na oda zilizokuwa zimeingia zilitimizwa.

Swali la pili ndilo linaloumiza zaidi: kwa nini saa nzima? Duka letu lilikuwa na king’ora cha seva kuzimika, cha malipo kukataliwa na cha mauzo kushuka. Vyote vilinyamaza. Seva zilikuwa nzima na oda zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Malipo hayakukataliwa kwa sababu hayakuombwa: mfumo ulikuwa na njia ya kupitisha oda isiyodaiwa kitu, iliyotengenezwa kwa wateja ambao vocha zao hulipia gharama yote. Kwenye skrini za ofisini, usiku ule ulionekana kuwa wa neema. Aliyegundua ni mtu aliyeshika karatasi mkononi, na ripoti inapaswa kulisema hilo waziwazi.

Hasara nayo huhesabiwa kwa uangalifu. Tuseme oda za sifuri zilikuwa 412, na gharama ya duka kwa kila oda ni wastani wa shilingi 18,000. Oda 37 zilishatoka, hiyo ni shilingi 666,000 ambazo kuzirudisha ni vigumu. Kutimiza zote kungegharimu shilingi 7,416,000. Takwimu hizi mbili ndizo wakubwa wanazohitaji ili kuamua kufuta au kutimiza. Ripoti pia huonyesha nani alinunua kiasi gani, maana aliyechukua sufuria moja si sawa na aliyechukua mia. Singapore, mwaka 2003, wanunuzi sita waliagiza printa 1,606 zilizoandikwa dola 66 badala ya dola 3,854 za huko. Mahakama iliwanyima ushindi, kwa kuwa walijua bei ile ilikuwa kosa.

Sehemu ya mwisho ni hatua za kuchukua, na hapo ndipo ripoti nyingi hudhoofika. “Tuwe makini zaidi” si hatua, kwa kuwa hakuna anayeweza kuikagua. Kwa duka letu zinatosha nne: programu ibakize bei ya zamani inapokuta kisanduku kitupu na itoe orodha ya bidhaa hizo, bei inayoshuka zaidi ya nusu isubiri idhini ya mtu wa pili, kikapu kikague bei wakati wa kulipa, na king’ora kilie kwa oda yoyote ya sifuri isiyo na vocha. Kila hatua inaandikiwa mwenye kazi na tarehe.

Kisha huja jaribio. Faili lilelile la usiku ule linapakiwa kwenye mfumo wa majaribio, visanduku vyake vitupu vikiwa vilevile. Likipita, tukio halijafungwa, hata kama ripoti imeshatiwa saini.