Nani hasa analisikia tangazo lako?

Tuchukue duka la magodoro la Morogoro mjini. Mwenye duka ametenga shilingi 1,200,000 za kujitangaza kabla shule hazijafunguliwa Januari, kwa sababu wanafunzi wanaoanza shule za bweni huandikiwa godoro kwenye orodha ya mahitaji. Anajiwa na watu wawili wa masoko. Wa kwanza anatoka redio inayosikika nchi nzima, na tangazo lake la sekunde 30 ni shilingi 150,000. Wa pili ni wa redio ya mkoani, anayetoza 30,000. Bei na idadi hizi nimezipanga kwa ajili ya mfano, lakini njia ya kuzipima ni ileile watakayokuja nayo watu wa redio za kweli.

Fedha ile inanunua matangazo 8 kwenye redio ya kwanza au 40 kwenye ya pili. Tuseme kila tangazo la redio ya taifa linasikiwa na watu 100,000. Matangazo 8 yatasikika mara 800,000. Gawa fedha kwa idadi hiyo, kisha zidisha kwa 1,000: shilingi 1,500. Hiyo ndiyo gharama kwa elfu, yaani unacholipa ili tangazo liingie masikioni mara elfu moja. Redio ya mkoani ina wasikilizaji 6,000 kwa kila tangazo, hivyo matangazo 40 yatasikika mara 240,000, na gharama kwa elfu ni shilingi 5,000. Kwa hesabu hiyo redio ya taifa ni rahisi mara tatu na zaidi, na huyo muuzaji atakuonyesha jambo hilo kwenye karatasi yake kwa kalamu nyekundu.

Sasa muulize: katika hao 100,000, walio Morogoro mjini ni wangapi? Mtu wa Songea au Bukoba hatapanda basi kufuata godoro Morogoro. Ikiwa wa mjini ni 2,000, umesikika na wanunuzi wako mara 16,000 tu, na gharama kwa elfu imepanda kutoka 1,500 hadi 75,000. Wale 98,000 umewalipia bure. Kwa biashara ndogo hili ndilo kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote, kwa sababu bei ya wasikilizaji wote hugawanywa kwa watu ambao wengi wao hawawezi kukufikia.

Redio ya mkoani nayo usiikubali kwa kauli. Muuzaji akisema “tunasikika mikoa minne,” anazungumzia mnara unakofikisha mawimbi, hajasema nani amewasha redio. Mwombe utafiti wa wasikilizaji, uone ulifanyika lini na kwa saa zipi. Kama hana, fanya wako. Zunguka asubuhi kwenye vibanda, saluni na vijiwe vya bodaboda vya kata unazouzia, uwaulize watu 100 wanasikiliza nini saa hiyo. Wakitokea 12 wa redio ile, na kata hizo kwa sensa ya 2022 zina watu wazima 50,000, unapata makadirio ya wasikilizaji 6,000. Ni makadirio ya mkono, yanayoweza kupotoka kwa maelfu. Hata hivyo yanatosha kukutenganishia redio ya watu 6,000 na ile ya watu 600.

Tuseme umechagua redio ya mkoani. Kazi ngumu zaidi inaanza hapa, kwa sababu matangazo 40 yanaweza kupangwa kwa njia zinazozaa matokeo tofauti kabisa. Ukiyaweka yote kwenye kipindi kimoja cha saa moja asubuhi, utakuwa ukizungumza na watu walewale kila siku. Kipindi kinaweza kuwa na watu 10,000 wanaopishana mwezi mzima, hivyo mara 240,000 zikigawanywa kwao, kila mmoja amekusikia wastani wa mara 24. Ukiyatawanya asubuhi, mchana, jioni na mwishoni mwa wiki, huenda ukawafikia watu tofauti 40,000, kila mmoja wastani wa mara 6. Idadi ya watu tofauti ndiyo ufikio. Wastani wa mara walizokusikia ndiyo marudio. Ukizidisha moja kwa nyingine unarudi kwenye 240,000 ileile, na gharama kwa elfu inabaki 5,000 kwa mipango yote miwili. Kwa hiyo bei hiyo peke yake haiwezi kukuambia mpango upi ni mzuri.

Marudio mangapi yanatosha? Mwaka 1972 mtafiti wa Kimarekani Herbert Krugman aliandika kwamba mara tatu zaweza kutosha: ya kwanza mtu anajiuliza hiki ni nini, ya pili kinanihusu vipi, ya tatu anakumbushwa. Wafanyabiashara waliichukua kama sheria, ingawa yeye alikuwa akieleza hatua za akili ya msikilizaji. Kwa godoro, ambalo mtu hulinunua mara moja kwa miaka, mimi ningechagua watu 40,000. Kumwambia mtu mara 24 habari ya godoro asilolihitaji hakumfanyi alihitaji.

Lakini kumbuka kwamba 6 ni wastani. Ndani yake yumo mama anayewasha redio alfajiri mpaka usiku, aliyekusikia mara 20, na wapo wengi waliokusikia mara moja wakiwa njiani. Ndiyo maana matangazo hayo nisingeyasambaza siku 30. Ningeyabana kwenye siku 10 za mwisho kabla ya kufungua shule, manne kwa siku, ili hata msikilizaji wa mara chache akutane nalo tena kabla hajasahau.

Bango la barabarani lina tabia nyingine. Wapita njia ni walewale, hivyo marudio hupanda upesi wakati ufikio unasimama. Pale Msamvu, magari ya kwenda Dodoma na Iringa yatakupa idadi kubwa ya macho, lakini mengi ni ya wasafiri. Kabla ya kulipa, simama mahali penyewe dakika 15, mara nne kwa siku, uhesabu wanaokuja wakitazama upande wa bango. Abiria wa siti za ndani za daladala usiwahesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa hukimbia karibu mita 14 kila sekunde. Bango linalosomeka kutoka mita 70 lina sekunde tano, za kutosha jina la duka, picha ya godoro na mtaa. Ongeza kwenye kodi gharama za kuchapa, kufunga na ushuru, ndipo ugawanye.

Kwa redio, andika kwenye mkataba saa ambazo matangazo yatarushwa, la sivyo utakuta yamesukumwa saa sita usiku. Mwisho wa kampeni dai orodha ya muda yaliporuka, na siku mbili tatu keti mwenyewe usikilize. Uliza pia kama bei ina VAT, kwa maana asilimia 18 inaifanya 1,200,000 kuwa 1,416,000.

Halafu rudi dukani ufanye hesabu ya mwisho kabla ya kusaini. Kama faida ya godoro moja ni shilingi 40,000, na VAT imo kwenye ile 1,200,000, unahitaji kuuza magodoro 30 zaidi ya ulivyozoea ili fedha irudi. Katika watu 40,000, hao ni pungufu ya mmoja kwa kila elfu. Kwa redio ya taifa, wanunuzi 30 ni lazima watoke kwenye wasikilizaji elfu chache tu wa Morogoro.