Ukuta Huu Utakula Matofali Mangapi?

Muulize fundi mwashi yeyote wa Dar es Salaam au Morogoro ukuta wako utakula matofali mangapi, naye atakujibu bila kushika kalamu: mita moja ya mraba, matofali kumi. Jibu hilo si la kubuni. Tofali la saruji la inchi 6 linalouzwa mitaani lina urefu wa sentimita 45 hivi, kimo cha sentimita 23 na unene wa sentimita 15. Ukilisimamisha ukutani, uso wake unafunika sentimita za mraba 1,035. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Gawanya, utapata 9.66, na fundi akaita kumi.

Ila hesabu hiyo imepanga matofali yaliyogusana, na ukuta haujengwi hivyo. Kati ya tofali na tofali, na kati ya kozi na kozi, kuna udongo wa saruji ambao nao unachukua nafasi yake. Kuna milango na madirisha, kuna lenta ya zege inayozunguka nyumba, na kuna kona ambazo ni rahisi kuzihesabu mara mbili. Mwenye nyumba anayetaka kujua hasa aagize matofali mangapi hana budi kuyapitia hayo moja baada ya jingine.

Tuanze na udongo. Vitabu vya ujenzi hutaka jointi ya sentimita 1. Kwa matofali yetu ya kufyatua, ambayo kingo zake hazijanyooka sawasawa, fundi huhitaji udongo zaidi ili kozi ikae sawa na kamba, na sentimita 2 ni jambo la kawaida. Ukichukua sentimita 2, kila tofali pamoja na udongo wake linakalia sentimita 47 kwa 25, yaani sentimita za mraba 1,175. Mita ya mraba sasa inakula matofali 8.5, si kumi. Kozi nne zinakamilisha mita moja ya kimo, na hilo tulikumbuke kwa sababu litatufaa baadaye.

Sasa tuchukue nyumba yenyewe. Ni ya vyumba viwili, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4 kwa nje, na ukuta mmoja wa kati unaoigawa kwa upana. Kuna milango miwili, wa nje na wa ndani, kila mmoja ukiachiwa nafasi ya sentimita 90. Kuna madirisha matatu, kila moja la upana wa mita moja na nusu. Kuta zinapanda kozi 9 juu ya jamvi, kisha inakuja lenta ya kimo cha sentimita 20, na juu ya lenta kozi 3 za kufikia paa.

Hatua ya kwanza ni urefu wa kuta, na hapa ndipo kona huiba. Ukipima kwa nje utapata kuta mbili za mita 8 na mbili za mita 4, jumla mita 24. Ukiongeza ukuta wa kati wa mita 4, zinakuwa 28. Lakini ukuta mfupi hauanzii nje ya kona. Unaanzia pale unapokutana na ukuta mrefu, kwa hiyo kila upande toa sentimita 15 za unene. Kuta fupi mbili na ule wa kati zinabaki na mita 3.7 kila mmoja. Jumla halisi ni mita 27.1. Tofauti ya sentimita 90 yaonekana ndogo, lakini ikipanda kozi 12 inakula matofali 23 ambayo hayana pa kukaa.

Hatua ya pili ni kuhesabu kozi moja. Ukuta wa mita 8 ukiugawa kwa sentimita 47 unapata matofali 17, bila kukata hata moja. Ukuta wa mita 3.7 unatoa 7.87. Maana yake ni matofali saba mazima na la nane la kukatwa, kwa hiyo tunaliandika nane. Mawili ya 17 na matatu ya nane yanafanya 58. Hiyo ndiyo kozi moja ya nyumba nzima. Zidisha kwa kozi 12, ni matofali 696. Lenta hatukuihesabu, kwa kuwa ni zege na nondo. Wanaozidisha kimo chote cha ukuta, mita 3.2, hununua matofali ya kujaza mahali patakapomiminwa zege.

Hatua ya tatu ni kutoa milango na madirisha. Nafasi ya mlango inapanda kozi 9 mpaka chini ya lenta, na upana wake wa sentimita 90 ni sawa na matofali 1.9 katika kila kozi. Mlango mmoja unaokoa matofali 17, miwili 34. Dirisha linaanza juu ya kozi ya nne na kuishia kwenye lenta, yaani linachukua kozi 5, na katika kila kozi linaokoa matofali 3.2. Hayo ni 16 kwa dirisha, 48 kwa madirisha matatu. Jumla ya kutoa ni 82. Kutoka 696 tunabaki na 614.

Hapa mafundi wengi watakwambia: usitoe kitu, nafasi za milango na madirisha zitafidia yatakayovunjika. Ushauri huo una ukweli nusu. Kwa nyumba yetu, nafasi hizo ni karibu asilimia 12 ya matofali yote, wakati yanayopotea kwa kuvunjika na kukatwa kwa kawaida ni kati ya asilimia 5 na 10. Kwa hiyo utabakiwa na matofali kadhaa, na si hasara kubwa. Lakini nyumba ya madirisha mapana sebuleni itakuachia rundo zima uani. Na ukuta wa uzio wenye geti moja tu hauna nafasi za kutosha kufidia chochote, hivyo fundi atakosa matofali kabla ya kufika kona ya mwisho. Toa nafasi kwanza, halafu ongeza ya kuvunjika kama hesabu ya peke yake.

Tena nafasi hizo zenyewe ndizo zinazokatisha matofali. Kozi hupishana ili jointi za kusimama zisifuatane, kwa hiyo kwenye ubavu wa mlango au dirisha, kozi moja inaishia kwa tofali zima na inayofuata kwa nusu. Mlango mmoja una mbavu mbili za kozi 9, na kozi moja kati ya kila mbili inataka nusu: nusu tisa. Dirisha linataka tano. Nyumba yetu ina nusu 33. Tofali lililokomaa vizuri likikatwa linatoa nusu mbili nzuri, na 17 yanatosha. Tofali lenye saruji kidogo, au lililofyatuliwa juzi na kumwagiwa maji mara moja tu, likipigwa hutoa nusu moja na kifusi. Hapo utahitaji 33, na hayo 16 ya ziada hayamo kwenye hesabu ya mita za mraba. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji akate moja mbele yako.

Kwa matofali mazuri yanayotoka jirani, ongeza asilimia 5. Kwa yanayoletwa na lori kwenye barabara ya mashimo na kushushwa kwa kutupwa, ongeza 10. Tukichukua 10 juu ya 614 tunafika 675. Mtu aliyetumia kanuni ya kumi kwa mita, akapima kwa nje na kusahau lenta na nafasi za milango, angezidisha mita 28 kwa 3.2 kwa kumi na kuagiza 896. Hayo ni zaidi ya 200 ya bure.

Kanuni hiyohiyo inageuka kuwa pungufu tukishuka kwenye msingi. Huko matofali hulazwa, si kusimamishwa, ili ukuta uwe na unene wa sentimita 23. Kimo cha kozi sasa ni sentimita 15 na udongo wake 2, jumla 17, na mita ya mraba inakula 12.5. Msingi wa kozi 4 chini ya nyumba yetu una kimo cha sentimita 68 tu, lakini unataka matofali 58 kwa kila kozi, yaani 232. Ukiutumia ule wastani wa 8.5 wa ukutani utaagiza 157 na fundi atasimama kazi. Msingi uandikiwe hesabu yake.

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya kipimo cha tofali lenyewe, na hapo ndipo mnunuzi huumia bila kujua. Kalibu iliyochongwa kwa ujanja hutoa tofali la sentimita 43 kwa 21, na kwa macho huwezi kulitofautisha. Ukipewa hilo, nyumba yetu inahitaji karibu matofali 83 zaidi kabla ya kuongeza ya kuvunjika. Bei nafuu ya shilingi chache kwa tofali inaweza kumezwa yote na idadi. Panga matofali kumi kwa mstari, yagusane, uvute futi kamba: yanatakiwa yafike mita 4.5.

Jointi nayo ina bei yake. Kwa sentimita 2, kila tofali linatumia kama lita 2.1 za udongo wa saruji. Kwa sentimita 1, ni lita 1 tu. Ukuta wa jointi nyembamba utakula matofali 39 zaidi katika nyumba hii, lakini udongo utapungua karibu nusu, na ukuta unakuwa imara kuliko ule uliojazwa udongo mnene. Fundi anayetumia udongo mwingi kuficha matofali yaliyopinda anakuokolea matofali na kukumalizia saruji.

Ukaguzi mzuri ni siku fundi anapomaliza kozi ya nne. Simamisha futi kamba juu ya jamvi: ukuta ukifika mita 1, jointi ni sentimita 2 kama tulivyopanga, ukifika mita 1 na sentimita 4, jointi imekuwa 3 na saruji inakwisha mapema. Kisha hesabu matofali yaliyotumika. Kozi nne ni 232, toa 15 ya milango miwili, kwa kuwa madirisha bado hayajaanza: ukutani panapaswa kuwa na 217. Linganisha na yaliyotoka kwenye rundo. Yakiwa 228, umepoteza kama asilimia 5, ndani ya asilimia 10 uliyotenga. Yakiwa 250, simamisha kazi mkague sababu pamoja na fundi, kwa maana kozi nane zilizobaki zitapoteza kwa kiwango hichohicho, na bado kuna muda wa kubadili oda ya lori la pili.