Milimita 30 Zilizopotea Kati ya Dar es Salaam na Arusha

Totali stesheni iliyokuwa ikipima viwanja Dar es Salaam imefungwa kwenye sanduku lake, ikapakiwa garini na kufikishwa Arusha. Haikuanguka wala kulowa. Kesho yake mpima ardhi anaisimamisha juu ya nguzo, anapiga umbali wa mita 600 na kupata jibu lililopungua milimita 30 na nusu. Chombo kizima kabisa, jibu si sahihi. Yeye amelijua hilo kwa sababu moja tu: nguzo zile mbili umbali wake ulikuwa umekwisha kupimwa na kuthibitishwa.

Nguzo za namna hiyo, zilizopangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, ndizo huitwa mstari wa msingi. Ulio maarufu kuliko yote uko Nummela, nchini Finlandi. Una urefu wa mita 864, na kati ya ncha zake mbili kuna nguzo nyingine zilizopangwa kwenye mita 24, 72, 216 na 432. Ulipimwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 kwa mbinu ya Yrjö Väisälä, ambaye alitumia mawimbi ya mwanga kuzidisha urefu wa fimbo ya kwatzi ya mita moja hatua kwa hatua hadi kufikia mamia ya mita. Kosa lililobaki halifiki sehemu ya kumi ya milimita. Mstari wa kawaida wa kukagulia vyombo hauhitaji ukali wa kiasi hicho, lakini sharti liko palepale: urefu wake uwe umejulikana kwa uhakika unaozidi uwezo wa chombo kinachokaguliwa.

Turudi Arusha, na tuchukue mfano wa mstari wenye nguzo tano. Mpimaji anakaa kwenye ya kwanza na kupima umbali hadi nne zilizobaki, zilizoko mita 100, 250, 400 na 600. Kila umbali anaupima mara kadhaa na kuchukua wastani, kisha anatoa urefu unaojulikana. Anapata tofauti hizi, kwa milimita: −3.1, −11.9, −19.4 na −30.5. Alama ya kutoa ina maana kwamba chombo kimesoma pungufu.

Mtu mwenye haraka angetafuta wastani wa namba hizo nne, aongeze milimita 16 kwenye kila kipimo, kisha aende zake. Angekuwa ameharibu zaidi. Umbali wa mita 100, uliopungua milimita 3 tu, sasa ungezidi milimita 13. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni jinsi tofauti zinavyokua kadiri umbali unavyoongezeka.

Hapa zinakua kwa mpangilio. Ukizichora kwenye karatasi ya mraba, umbali ukiwa chini na tofauti zikiwa pembeni, nukta zote nne zinakaribia kulala kwenye mstari mmoja unaoteremka. Mstari unaozifaa zaidi unashuka milimita 54.4 kwa kila kilometa. Ukiurefusha kurudi hadi umbali sifuri, haupiti kwenye sifuri, bali milimita 2.1 juu yake. Kwa hiyo makosa ni mawili, na kila moja lina chanzo chake.

Lile linalokua na umbali linatokana na hewa. Chombo hiki hupima kwa kutuma mwanga hadi kwenye prizimu na kuusubiri urudi, na kasi ya mwanga hutegemea uzito wa hewa unamopita. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama hektopaskali 860, ilhali pwani ni karibu 1,013. Katika hewa nyepesi mwanga unakwenda kwa kasi kidogo zaidi, unarudi mapema, nacho chombo kinadhani prizimu iko karibu. Kwa kanieneo hiyo na joto la nyuzi 25, kanuni ya kawaida ya vyombo vingi inatoa sahihisho la milimita 54 hivi kwa kilometa. Ni karibu sawasawa na mteremko uliochorwa. Kilichotokea ni kwamba mpangilio wa kawaida wa hewa ulisafiri ndani ya chombo, na hakuna aliyeubadilisha.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata wazoefu. Mpimaji anafungua simu, anaona kanieneo ya Arusha imeandikwa 1,015, naye anaiingiza. Namba hiyo imekwisha kubadilishwa ili ilingane na usawa wa bahari, kama ilivyo desturi ya utabiri wa hali ya hewa, na kosa litabaki karibu lilelile. Inayotakiwa ni kanieneo halisi ya pale chombo kiliposimama, iliyosomwa kwenye kipimahewa. Kwa upande wa joto, nyuzi moja ikikosewa huleta kosa la milimita moja hivi kwa kilometa.

Kosa la pili, zile milimita 2.1, haliongezeki wala kupungua. Liko sawa kwenye mita 100 na kwenye mita 600. Hili ni la prizimu au la chombo chenyewe. Linaweza kugunduliwa hata mahali ambapo nguzo hazina urefu unaojulikana: pima kutoka ya kwanza hadi ya pili, kisha ya pili hadi ya tatu, kisha ya kwanza hadi ya tatu moja kwa moja. Vipande viwili vimebeba kosa hilo mara mbili, umbali mzima umelibeba mara moja, kwa hiyo ukitoa umbali mzima kwenye jumla ya vipande, kinachobaki ni kosa lenyewe. Kosa la hewa halionekani kwa njia hiyo, kwa kuwa linapunguza vipande na umbali mzima kwa uwiano uleule. Hilo linahitaji urefu uliothibitishwa.

Baada ya mteremko na milimita 2.1 kuondolewa, yanabaki +0.2, −0.4, +0.2 na 0.0. Haya ndiyo mabaki. Ni madogo, alama zake zinabadilikabadilika bila mpangilio, na kwa chombo kinachoahidi milimita 2 hayana la kutafutwa. Kama moja lingekuwa milimita 5 huku mengine yametulia, shaka ingeangukia nguzo ile: prizimu haikukaa katikati, au nguzo imesogea. Kama yangepanda na kushuka kwa zamu kila baada ya mita chache, ingekuwa dalili ya hitilafu ya elektroniki inayojirudia, na nguzo tano hazitoshi kuithibitisha.

Pembe hukaguliwa bila kuhitaji urefu wowote. Mpimaji analenga prizimu darubini ikiwa uso wa kushoto na kusoma 42°15′10″, kisha anaipindua na kuizungusha, analenga tena kwa uso wa kulia na kusoma 222°15′34″. Zingepaswa kuachana nyuzi 180 kamili, lakini zimezidi sekunde 24. Nusu yake, sekunde 12, ndilo kosa la mstari wa kulenga, ambalo kwenye mita 600 linapeleka nukta kando milimita 35. Wastani wa nyuso mbili, 42°15′22″, unalifuta. Tofauti hiyo ikirudi ileile kwa kila shabaha iliyo usawa mmoja, ni ya chombo na inaweza kurekebishwa kwa menyu yake. Ikibadilika kadiri darubini inavyoinuliwa, mhimili wa darubini nao unahusika. Ikirukaruka ovyo, achunguze kwanza miguu ya tripodi na mvuke wa joto la mchana.

Mpimaji wetu anaingiza 860 na 25, anarudia vipimo, na safari hii umbali wote unazidi kwa milimita 2 hivi. Anachukua prizimu nyingine ya aina ileile. Zile milimita 2 zikitoweka, prizimu ya kwanza inawekewa alama na kutengwa. Zikibaki, zinaandikwa kwenye cheti cha chombo pamoja na tarehe, joto na kanieneo ya siku hiyo.